Kiashiria Bila Lebo ni Uvumi Tu

Kuna aina ya posti imenichosha kabisa. Msee anaamka asubuhi, anamwaga domeini arobaini na anwani za IP ishirini kwenye Telegram, anaandika "hizi zote ni za wezi, fungieni, sambaza", halafu anakaa kungoja laiki. Ukimuuliza amezitoa wapi, anasema ana watu wake. Ukimuuliza ni ipi kati ya hizo arobaini ameiona kwa macho yake ikiitisha mtu PIN, anakubloki.

Na watu wanampigia makofi. Ati anasaidia jamii.

Mimi nasema hasaidii. Anaharibu, na anaharibu mara mbili. Mara ya kwanza, anafanya mtu wa mtandao mahali fulani afungie vitu ambavyo havina makosa. Mara ya pili, anamwambia mwizi mwenyewe kwamba ameonekana, kwa sababu mwizi pia ana Telegram, buda. Unadhani yeye anasoma gazeti?

Kwa wale wanaingia hii mada leo: kiashiria ni alama ambayo shambulio linaacha nyuma. Inaweza kuwa domeini ya ukurasa feki, anwani ya IP, namba ya simu iliyotuma SMS, au alama ya faili, ile mistari mirefu ya herufi na namba inayoitwa `sha256`. Ukinipa kiashiria mapema, naweza kumzuia mwizi kwangu kabla hajafika. Hiyo ndiyo maana ya kushea. Lakini kiashiria kikija peke yake, bila kusema una uhakika kiasi gani na bila kusema nani anaruhusiwa kukiona, hicho ni uvumi umevaa suti.

Kuna programu ilitengenezwa kwa kazi hii hasa. Inaitwa MISP. Ilianzia kwa jeshi la Ubelgiji mwaka wa 2011, baadaye NATO wakajiunga, na siku hizi inaendelezwa zaidi na CIRCL ya Luksemba. Ni ya bure, unaiweka kwenye seva yako, na seva yako inaweza kuunganishwa na za watu unaowaamini. Ndani yake unafungua tukio, `event`, halafu unaweka viashiria vyake kimoja kimoja. Kila kiashiria kinaweza kubeba tagi zake na mipaka yake. Hapo "kimoja kimoja" ndipo ugomvi wangu wote uko, kwa sababu watu wengi wanaitumia MISP kama gunia. Wanatupa kila kitu ndani, wanabonyeza `Publish`, wanaenda kulala.

Acha nichukue kesi moja ndio tuelewane. Domeini na anwani nimezibadilisha ili usiende kubonyeza, maana nawajua.

SMS inaingia: umeshinda bando ya GB 10, bonyeza hapa. Ukurasa unaitwa `bando-zawadi.example`. Unafanana na ukurasa wa ukweli, rangi zote ziko. Unakuitisha namba ya simu, halafu PIN ya pesa, halafu ile kodi inayotumwa kwa SMS. Dada mmoja kwenye kikundi chetu, anayeshughulika na kompyuta za sacco ndogo, anaupata kwa sababu mwanachama amemletea simu akilia. Anahifadhi nakala ya ukurasa. Anaona umewekwa kwenye `203.0.113.45`. Anaona pia mwizi amesahau faili moja kwenye folda iliyo wazi, `bando.zip`, ambayo ndani yake kuna ukurasa mzima ulivyotengenezwa. Hii si ajabu, hao jamaa huwa wavivu: wanapakia zip, wanaifungua hapo hapo kwenye seva, halafu wanasahau kuifuta.

Sasa ana vitu vinne mkononi: domeini, anwani ya IP, namba iliyotuma SMS, na `sha256` ya ile zip. Yule msee wa Telegram angevimwaga vyote vinne kwenye mstari mmoja. Lakini uhakika wake haulingani hata kidogo.

Domeini, hakuna ubishi. Ameuona ukurasa ukiitisha PIN, ana nakala, na domeini ilisajiliwa siku tatu tu kabla ya SMS. Anaipa tagi `misp:confidence-level="completely-confident"` na anaacha `to_ids` imewashwa. Hiyo `to_ids` ni kama swichi. Ikiwashwa unawaambia wengine kwamba hiki kinafaa kuingia moja kwa moja kwenye mashine za kugundua na kuzuia. Ikizimwa unasema: kihifadhi, kisome, lakini usikifungie mtu.

Anwani ya IP ni hadithi nyingine. Ile `203.0.113.45` si nyumba ya mwizi, ni kama jengo la ghorofa. Kampuni za kusambaza kurasa huwa zinaweka tovuti nyingi sana nyuma ya anwani moja. Ukifungia anwani umefungia jengo zima: mwizi, duka la viatu, kanisa la mtu, na tovuti ambayo wanafunzi wanasomea. Hapo dada anaweka `rarely-confident` na anazima `to_ids`. Haifuti, kwa sababu MISP inalinganisha viashiria vya matukio yote yenyewe, na kesho ikitokea domeini nyingine ya bando kwenye anwani hiyo hiyo ataona mstari unaoziunganisha.

Na usiseme huwezi kujua kama anwani ni jengo au nyumba. MISP ina orodha za tahadhari, `warninglists`, zenye masafa ya anwani za kampuni kubwa za wingu, seva za DNS za umma, na tovuti maarufu. Ukiingiza kiashiria kinachogusa orodha hizo na umeziwasha, alama ya onyo inatokea pembeni yake. Ipo hapo kwenye skrini. Watu wanaiona na wanabonyeza tu `Publish`.

Namba ya simu ndiyo inanikasirisha zaidi kwa zile posti za kumwaga. SMS inaweza kuonyesha jina au namba ambayo si ya aliyeituma. Laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu aliyeibiwa, mzee fulani kijijini ambaye hajui hata bando ni nini. Unaweka namba yake mtandaoni na neno "mwizi" kando, watu mia mbili wanampigia usiku kumtukana. Dada anaweka `fairly-confident`, anazima `to_ids`, na anabana nani ataiona.

Halafu ile zip. Uhakika wake ni kamili, aliitoa mwenyewe kwenye seva ya mwizi. Lakini `sha256` ina udhaifu wake: mwizi akibadilisha herufi moja tu ndani ya faili, alama yote inabadilika. Kwa hivyo faida yake kubwa si kuzuia. Faida ni kwamba mtu mwingine kwenye kikundi akikuta zip yenye alama hiyo hiyo kwenye domeini tofauti, mnajua ni mkono mmoja, au angalau ni duka moja wananunua.

Umeona? Kesi moja, viashiria vinne, majibu manne tofauti. Orodha ya Telegram haina mahali pa kuandika hayo, na ndiyo maana naiita uvumi.

Kuna mtu atasema kuweka uhakika ni maneno ya wasomi. Sawa, angalia kinachotokea upande wa anayepokea. Kuna hosteli moja hapa mjini, jina naliacha, ambapo jamaa wa waifai alichukua orodha kama hiyo na kuiweka yote kwenye faiawoli. Jioni hiyo wasee hawawezi kufungua tovuti ya kutuma asaimenti. Wengine wanadhani intaneti imepotea, wengine wanazima na kuwasha simu. Kilichokufa ni zile tovuti zilizokuwa kwenye jengo moja na mwizi. Na mwizi? Domeini yake iliendelea kufunguka, kwa sababu zile kampuni huwa na anwani nyingi na ukurasa ulikuwa unajibu kutoka kwa nyingine pia. Huyo jamaa alifungia kila mtu isipokuwa mwizi. Unaweza kuijua hali hii haraka: tovuti kadhaa ambazo hazihusiani zinakufa dakika moja, lakini majina yao ya DNS bado yanapatikana. Ukiona hivyo, nenda kaangalie anwani za IP ulizoingiza karibuni.

Ndio maana kuingiza viashiria vya wengine si kuvuta kila kitu. Ukiwa na tagi za uhakika, unachagua. Hili ni ombi ambalo seva inatuma kwa MISP ili kupata orodha ya kufungia:

```
POST /attributes/restSearch
{
  "returnFormat": "text",
  "type": ["domain", "hostname"],
  "to_ids": 1,
  "published": 1,
  "enforceWarninglist": 1,
  "last": "14d",
  "tags": {
    "OR": [
      "misp:confidence-level=\"completely-confident\"",
      "misp:confidence-level=\"usually-confident\""
    ],
    "NOT": ["PAP:RED", "PAP:AMBER"]
  }
}
```

Soma polepole, haiumi. Nipe domeini tu, anwani za IP sitaki kwenye orodha hii. Ziwe zimewashwa `to_ids`. Ziondoe zile zinazogusa orodha za tahadhari. Zitoke kwenye matukio yaliyochapishwa ndani ya siku 14, kwa sababu kurasa za namna hii hufa haraka na domeini ya mwaka jana inaweza kuwa sasa ni ya mtu mwingine. Na ziwe na uhakika wa juu. Ukipata jibu la mistari kumi badala ya elfu moja, usilie. Hiyo kumi unaweza kuitetea mtu akikuuliza.

Sasa hiyo `PAP` nitaifikia. Kwanza tuongee mipaka, kwa sababu hapo ndipo watu wanajidanganya vibaya sana.

Wengi wanajua rangi za TLP, ile itifaki ya taa za barabarani. `tlp:red` ni ya macho ya waliopewa pekee. `tlp:amber` unaweza kuwapa watu wa shirika lako na wateja wake wanaohitaji kujua. `tlp:green` ni ya jamii yenu pana. `tlp:clear` ni ya kila mtu. Zamani iliitwa `tlp:white`, ikabadilishwa kwenye toleo la pili mwaka wa 2022. Vizuri. Sasa sikia jambo ambalo watu hawasemi: ile tagi haifungi mlango. Ni kibandiko. Ukiweka `tlp:red` kwenye tukio halafu kwenye `Distribution` ukaacha `All communities`, seva yako italisukuma kwa kila seva iliyounganishwa, labda kama kuna mtu alikumbuka kuweka sheria ya kuzuia tagi hiyo. Litafika mbali likiwa na kibandiko chekundu kizuri kabisa kinachosema lisifike mbali.

Kinachofunga mlango ni `Distribution`. Ukichagua `Your organisation only`, linabaki kwa shirika lako. `This community only` linaenda kwa walio kwenye seva yenu na seva zilizounganishwa nayo moja kwa moja, likome hapo. `Connected communities` linavuka hatua moja zaidi. MISP inafanya hesabu hiyo yenyewe: tukio likivuka kwenda seva nyingine, kiwango kinashuka. `Connected communities` kinakuwa `This community only`, na `This community only` kinakuwa `Your organisation only`. Lakini `All communities` haishuki. Inaenda, inaenda. Na kama unataka kutaja kwa jina nani apate, kuna `Sharing group`, ambapo unaorodhesha mashirika yenyewe.

Kwa kesi ya bando, tukio zima lilipewa `tlp:amber` na `This community only`. Namba ya simu na ile zip zikabanwa zaidi, kwenye `Sharing group` ya mashirika matatu. Inawezekana, kwa sababu kiashiria kinaweza kuwa na mpaka mwembamba kuliko tukio lake. Domeini yenyewe ikapewa tagi ya `tlp:clear`, ikatumwa kama onyo la kawaida kwa wanachama wa sacco saa hiyo hiyo: msibonyeze hii.

Na hapa nawajibu wale wa "mnaficha habari, mama mboga anaibiwa nyinyi mkicheza na rangi". Mama mboga hana haja na `sha256`. Anahitaji kujua kwamba SMS ya GB 10 ni ya uongo, na aliambiwa. Kilichofichwa ni kwamba folda ya mwizi iko wazi. Ukitangaza hilo, mwizi anaifunga jioni, na kesho anarudi na domeini mpya ambayo hatuwezi tena kuiunganisha naye. Nani amefaidika na uwazi wako hapo?

Ndiyo kazi ya `PAP`. TLP inasema unaweza kumwambia nani. `PAP` inasema unaweza kufanya nini nacho. `PAP:RED` maana yake usifanye lolote ambalo mwizi anaweza kuligundua: tafuta kwenye kumbukumbu zako mwenyewe na uishie hapo. `PAP:AMBER` unaweza kuuliza huduma za nje zinazochunguza viungo na faili, lakini usiguse seva yake. `PAP:GREEN` unaweza kuzuia. Zip ilipewa `PAP:RED`, domeini `PAP:GREEN`. Rudi juu kwenye lile ombi uone kwa nini nimeondoa nyekundu na ya chungwa: orodha ya kufungia ni kitendo, na mwizi akiona wageni wamekatika ghafla anajua.

Kuhusu hizo huduma za nje, jihadhari na linki yenyewe. Linki ya SMS mara nyingi inabeba namba ya aliyetumiwa, kitu kama `?n=2547...` mwishoni. Ukiibandika kwenye tovuti ya kuchunguza inayoonyesha matokeo hadharani, umefanya mambo mawili: umeanika namba ya mwathiriwa, na umemwonyesha mwizi ni nani hasa amemripoti. Kata hiyo sehemu kabla ya kuweka kwenye MISP pia. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hapa Kenya, na namba ya mtu ni data yake hata kama nia yako ni safi kama maji ya mlimani.

Sasa haki iko haki: kuna ugonjwa wa upande wa pili. Kuna vikundi ambavyo kila kitu ni `tlp:red`. Domeini ambayo imetumwa kwa SMS kwa nusu ya mtaa, nyekundu. Hiyo ni uoga, au mtu anataka kuonekana ana siri. Chekundu hata mwenzako hawezi kukipeleka kwa timu yake iliyo nje ya mazungumzo, sasa ulimpa afanye nini nacho, akiombee? Na vile vile kuna wanaoweka `completely-confident` kwa kila kitu, ambayo ni sawa na kutoweka tagi yoyote. Ukiona mtu ambaye hajawahi kuandika `fairly-confident` hata siku moja, huyo hakagui.

Kwa hivyo kikundi cha kuaminika hukijui kwa idadi ya viashiria wanavyotoa kwa wiki. Angalia kama wanarudi kusema "hiki kilikuwa makosa". MISP ina kitu kinaitwa `Sightings`: ukikiona kiashiria kwako unabonyeza kusema nimekiona, na kikikufungia kitu kisicho na hatia unabonyeza `false-positive`. Mwenye tukio anaona. Mwingine hawezi kuhariri tukio lako, lakini anaweza kutuma pendekezo ulikubali au ulikatae. Kikundi ambacho hakuna mtu amewahi kubonyeza `false-positive` hakisomi kinachopewa.

Na kabla ya kujiunga uliza nani ana funguo za seva. Msimamizi mkuu wa seva anaona kila kitu kilicho juu yake, hata kile ulichoweka `Your organisation only`. Mipaka yote niliyoeleza inawafunga wengine, yeye haimfungi. Pia elewa kwamba ukishabonyeza `Publish` na tukio likavuka, kulifuta kwako hakulifuti kwa wenzako. Wana nakala yao.

Kwenye kesi yetu, siku ya pili mtu wa shirika jingine alibonyeza kwamba ameiona domeini kwenye kumbukumbu zake za DNS, simu nne ziliifungua. Akazipigia zote nne. Mmoja alikuwa ameshaweka namba yake na alikuwa bado anatafuta PIN kichwani. Siku ya tatu ile `sha256` ikagongana na tukio la mtu mwingine, domeini tofauti, safari hii ikiahidi mkopo. Folda ilikuwa bado wazi. Mwizi hakuwa na habari.